Sufuria Moja, Moto wa Zamu

Vyumba vingi vya hosteli binafsi zinazokizunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia Changanyikeni hadi Sinza, havina jiko. Mwanafunzi anahamia na jagi la umeme la kuchemshia maji na sufuria moja yenye mfuniko, na akitaka moto anasubiri zamu kwenye jiko la gesi la kibarazani linalotegemewa na korido nzima. Bumu likiingia, wiki za mwanzo ni chipsi mayai kila jioni. Likikaribia kukata, watu wanapiga pasi ndefu: mlo mmoja tu, wa saa tisa alasiri, ndio staftahi, chakula cha mchana na cha usiku.

Wengi husema tatizo ni hela. Hela ni tatizo kweli, lakini mazingira nayo yanabana. Sufuria ni moja, kwa hiyo wali na maharage haviwezi kupikwa kwa wakati mmoja. Moto ni wa zamu, kwa hiyo huwezi kukaa saa mbili ukingoja maharage yaive huku wenzako wamesimama na sufuria zao. Friji hakuna, kwa hiyo kupika Jumapili chakula cha wiki nzima ni kujitafutia maradhi. Chakula kinachoendana na hali hiyo ni kile ambacho nafaka na kunde zinaiva ndani ya sufuria moja, kwa moto mfupi, na kinaliwa kikaisha siku hiyohiyo. Watu wa Pwani wanacho tangu zamani: mseto wa choroko.

Tuupike, kipimo kikiwa kikombe cha chai cha kawaida cha robo lita. Asubuhi kabla ya kwenda darasani, chagua choroko nusu kikombe, kama gramu 100, toa mawe, osha, kisha zimwagie maji ya moto kutoka kwenye jagi na uzifunike. Ukirudi alasiri zimeshavimba. Mwaga maji yale. Washa jagi, na wakati linachemka kaanga kitunguu kimoja na punje mbili za kitunguu saumu kwa kijiko kimoja na nusu cha mafuta. Tia choroko, zigeuze kidogo, kisha mimina vikombe vitatu vya maji yanayochemka. Jagi linakuokolea zamu hapo, kwa sababu sufuria haianzi na maji baridi. Wala halili umeme kama watu wanavyodhani: yuniti moja ya Luku inachemsha kama lita kumi.

Acha choroko zichemke dakika 15 hadi 20, mpaka ukiibana moja kwa vidole inapondeka lakini bado ina kiini kidogo. Sasa tia mchele uliooshwa, kikombe kimoja, pamoja na chumvi. Maji yawe juu ya chakula kwa kiasi cha pingili moja ya kidole. Yakipungua, ongeza ya jagi. Punguza moto, funika, na baada ya dakika nane hivi, maji yakiwa yamekaribia kukauka, epua. Umekaa jikoni kama nusu saa, na anayefuata anaweza kubandika.

Mseto bado haujaiva sawasawa, ila kazi iliyobaki haihitaji moto. Usifunue mfuniko. Izungushie sufuria kitambaa safi, kisha ivishe blanketi zito, chini, ubavuni na juu, uiweke sakafuni kwenye kona dakika 30. Joto lililomo ndani litamalizia kazi, na kwa kuwa hakuna moto chini, hakuna ukoko wa kuungua utakaokusumbua kusugua. Ukifunua ukakuta mchele una kiini kigumu, aidha uliepua mapema mno au blanketi lilikuwa jepesi. Nyunyiza maji ya moto kidogo, funika tena dakika kumi. Mwenye hela ya nazi aikunishe sokoni kwa mashine, aikamue kwa maji ya vuguvugu, na atie tui mwishoni. Mimi naupenda wenye tui, ila tui linaharakisha chakula kuchacha, hivyo siku hiyo uliwe wote mapema.

Sufuria hiyo inatoa sahani mbili za kushiba, zenye jumla ya kalori zipatazo 1,200 na protini karibu gramu 38. Mchele una upungufu wa kirutubishi kimojawapo cha kujenga mwili ambacho choroko inacho kwa wingi, na choroko inapungukiwa kile ambacho mchele unacho. Ukila viwili pamoja unapata protini iliyokamilika bila kununua nyama. Isitoshe, nyuzinyuzi za choroko zinachelewesha njaa, tofauti na sahani ya chipsi kavu ambayo saa mbili baadaye umeshaisahau.

Tuangalie gharama. Bei zinapanda na kushuka, basi tuseme mchele ni shilingi 3,000 kwa kilo na choroko vivyo hivyo. Mchele wa sufuria hii ni shilingi 600, choroko 300. Weka shilingi 400 za kitunguu, mafuta, chumvi, umeme na gesi. Jumla ni 1,300, yaani 650 kwa sahani. Badilisha bei uweke za soko lako na uone inasimama wapi ukilinganisha na sahani ya mama ntilie.

Sahani ya pili ndiyo inayotaka uangalifu. Kula ya kwanza saa tisa au saa kumi, rudisha blanketi haraka, na ya pili uile kabla ya saa mbili usiku. Kiporo cha wali kilicholala kwenye chumba chenye joto la Dar es Salaam usikile asubuhi. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukishapoa zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka ufuke moshi. Wala haitoi harufu kila mara, kwa hiyo kunusa si kipimo. Kipimo ni joto: ukigusa sufuria ukakuta bado inachoma mkono, chakula kiko salama, ukikuta vuguvugu na saa zimepita, kimwage. Najua inauma kumwaga chakula wakati mfuko umetoboka. Siku inayofuata punguza kipimo kwa nusu, upike sahani moja.

Chakula cha pili cha sufuria moja ni makande, na hapa blanketi linaokoa moto zaidi kuliko kwenye mseto. Ila maharage si choroko. Maharage, hasa mekundu, yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Kuchemka sana huiharibu sumu hiyo, lakini vuguvugu haliiharibu, na maharage yaliyopikwa nusunusu yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Kwa hiyo usiyamwagie maji ya jagi ukayafunga kwenye blanketi ukidhani yataiva yenyewe.

Fanya hivi. Ijumaa usiku loweka maharage gramu 150 na mahindi yaliyokobolewa gramu 200 kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya yanayochemka, bandika, na yaache yatokote kwa nguvu dakika 30 kamili. Jumamosi asubuhi jiko huwa halina foleni, wengi bado wamelala. Kisha epua, vingirisha kwenye blanketi, na uende ukafue nguo au ukajisomee. Baada ya saa tatu rudi, bandika tena dakika 20, na sasa ndipo utie kitunguu, karoti, chumvi na nyanya. Nyanya usiitangulize, kwa sababu uchachu wake unayafanya maharage yagome kulainika. Ukitaka mchicha, ukate na uutie mwishoni, funika, epua. Joto la makande linatosha kuuivisha.

Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili. Chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa upesi, na ukifunua baada ya saa tatu ukakuta haifuki moshi, ujue hakuna kilichoiva humo.

Wakati mwingine unafuata kila hatua na maharage bado yanabaki magumu. Mara nyingi kosa liko kwenye gunia. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu hugoma kuiva hata uyapikeje. Utayatambua asubuhi baada ya kuloweka: mengi yamebaki na makunyanzi, hayajavimba. Kwa hiyo sokoni usione aibu kuuliza: “Mama, haya ni ya msimu huu?” Ya zamani huwa yamefifia mng’ao na rangi imekuwa nzito. Nunua robo kwanza, ukajaribu, kabla ya kuchukua kilo.

Siku bumu likiingia, kabla ya jambo lolote, nenda soko la nafaka kama Tandale. Ukipika mseto mara tatu kwa wiki na makande mara mbili, kwa wiki nane utahitaji mchele kama kilo tano, choroko kilo mbili na nusu, maharage kilo mbili na nusu, na mahindi yaliyokobolewa kilo tatu na robo. Vyote vinaingia kwenye ndoo moja na chupa chache za maji za lita moja na nusu, zikiwa zimekauka kabisa ndani na zimefungwa vizuri vizibo. Wadudu wa nafaka hawapenyi. Maharage pekee chukua nusu kwanza, kwa sababu ile niliyoeleza. Vitunguu, nyanya na mboga za majani nunua kidogokidogo mtaani, maana havikai.

Siku mbili zinazobaki ni za ugali. Mboga inatangulia kwenye sufuria, labda dagaa uliowaosha mara mbili kwa maji ya moto kuondoa mchanga, waliokaangwa na kitunguu na nyanya. Wahamishie kwenye bakuli, funika, suuza sufuria, kisha songa ugali kwa maji ya jagi. Tenga unga kidogo uukoroge kwa maji baridi kwanza, kwa sababu unga mkavu ukikutana na maji yanayochemka hufanya madonge.

Asubuhi ni uji kwa njia hiyohiyo: unga ukorogwe kwa maji baridi ndani ya sufuria, maji ya jagi yamiminwe huku unakoroga, kisha moto dakika kumi. Usiupike ndani ya jagi. Unga unaganda chini penye joto, unaungua, na jagi la bei rahisi haliponi baada ya hapo. Karanga zilizosagwa, kijiko kimoja au viwili zikikorogwa humo, zitakufikisha saa tisa bila kutamani maandazi ya mlangoni.