Maneno Matano Chini ya Gauni

Picha ya mtoko wa usiku huwa imekwisha kusema mengi kabla mwenyewe hajaandika lolote. Gauni linaonekana, mng'ao wa hereni unaonekana, na taa za ukumbini zinaeleza kwamba watu hawakuwa kazini. Anayeandika chini yake "Usiku mzuri na marafiki" anarudia yaliyo wazi, na anayeandika "Malkia wa mji, hakuna wa kunifikia" anamsukuma mtazamaji atafute kasoro. Kapsheni nzuri ya picha kama hii iko katikati: ina madaha na utani, na haimchoshi mtu.

Watu wa pwani hawakujifunza mambo haya kwenye simu. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji kuna jina, yaani mstari mmoja wa maneno ndani ya kisanduku. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa sana kuwa alieneza mtindo wa kuweka misemo kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo wanunuzi wengi husoma jina kwanza, ndipo waulize bei ya doti. Nguo inapendeza, maneno yanachokoza, na vyote vinavaliwa pamoja.

Tofauti ni kwamba jina la kanga mara nyingi hubeba kijembe. Kwenye picha ya mtoko, kijembe huharibu starehe, kwa sababu watazamaji wanaliacha gauni na kuanza kuulizana nani amesemwa.

Tuchukue picha moja ya kawaida. Dada yuko kwenye sherehe ya sendofu jijini Dar es Salaam, saa sita za usiku, amevaa gauni refu la satini ya kijani, viatu vya dhahabu vyenye visigino virefu, na mkononi ana mkoba mdogo usiotosha hata chaja. Andiko lake la kwanza ni hili: "Nimewasili, mnisamehe kwa uzuri huu, leo nimewafunika wote." Tatizo liko kwenye sehemu ya mwisho. Hao "wote" ni pamoja na rafiki zake wawili waliosimama naye kwenye picha hiyohiyo, na mmoja wao ndiye aliyemfunga zipu.

Akifuta sifa hizo, inabidi atafute jambo ambalo picha haikulionyesha. Mtazamaji anaona viatu vinang'aa. Hajui kwamba vilianza kuuma tangu saa tatu. Hapo ndipo utani ulipo: "Viatu vimeomba likizo, gauni limekataa." Ni maneno matano tu. Dada hajajitaja hata mara moja, lakini kila msomaji anaelewa kwamba gauni lile haliwezi kuondoka ukumbini mapema. Kiswahili kinasaidia sana hapa, maana nguo inaweza kupewa kitenzi na ikatenda yenyewe: gauni likakataa, suti ikaringa, kilemba kikagoma kushuka. Maringo yakihamia kwenye nguo, mwenye nguo anabaki mtu wa kupendeka.

Njia hiyo inafaa wanaume pia. Aliyeshonewa suti ya kitenge anaweza kuandika, "Fundi akiiona picha hii atadai nyongeza." Anajisifu waziwazi, ila sifa ya kwanza anampa fundi.

Urefu nao una sababu zake. Instagram inaruhusu hadi herufi 2,200, lakini anayepitisha picha haraka huona mwanzo tu, na maneno mengine hufichwa mpaka abonyeze. Utani ukiwa mwishoni mwa aya ndefu, wengi hawaufikii. Kwenye hali ya WhatsApp maneno hukaa juu ya picha yenyewe, upande wa chini. Kwa picha ya kusimama, maandishi marefu yatafunika pindo la gauni na viatu, yaani kile hasa kilichopigiwa picha.

Kuna namna rahisi ya kujua kama maneno yamezidi. Msomee kwa sauti rafiki mliyekuwa naye usiku ule. Akicheka na kusema "kweli kabisa," tupia. Akiuliza "unamsema nani?" futa na uanze upya, hata kama mstari unakupendeza. Na kama kuna wenzako kwenye picha, waulize kwanza wao wenyewe kama wamependa walivyotoka, kwa maana kwenye Instagram maneno unaweza kuyarekebisha baadaye, lakini picha ikishahifadhiwa kwenye simu za watu hutaweza kuirudisha.