Hotuba ya Kuaga Unapotoka Kwenye Timu Yenye Mivutano

Hotuba ya kuaga kazini huchukua dakika mbili hadi nne. Husemwa siku ya mwisho au Ijumaa inayoitangulia, wafanyakazi wakiwa wamekusanyika kwenye chumba cha mikutano, soda na sambusa zikiwa mezani. Aliyeishi vizuri na wenzake haimsumbui sana. Inamsumbua yule anayetoka kwenye timu yenye makundi, majungu au mkuu mkali, lakini ambaye hakugombana na mtu kiasi cha kuondoka kimyakimya. Huyo ana mambo mawili ya kuchunga: asiseme uongo mbele ya watu wanaoujua ukweli, na asiigeuze hafla kuwa baraza la mashtaka.

Jambo la kwanza ni kutenga yale yasiyo ya hotuba. Kuondoka kazini kuna hatua zake, na kila hatua ina mahali pa kusemea mambo fulani. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku hizo zinatosha kuweka mambo sawa. Barua ya kujiuzulu inataja tarehe ya mwisho na kushukuru kwa sentensi moja. Hati ya makabidhiano inaorodhesha kazi zilizobaki. Malalamiko kuhusu mkuu wa idara, mgawanyo wa kazi au upendeleo yanapelekwa kwa ofisa rasilimali watu, kwa maandishi au katika mahojiano ya kuondoka ikiwa kampuni inayo. Aliyekwisha kuyasema huko hufika kwenye hafla akiwa mwepesi. Asiyeyasema popote huyabeba hadi kwenye hotuba, nayo hutoka hata pale alipodhani ameyaficha.

Mfano mmoja unaonyesha kazi hii inavyofanyika. Mhasibu msaidizi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam anaondoka baada ya miaka minne. Idara yake ya fedha ina watu sita. Tangu mmoja wao alipopandishwa kuwa mhasibu mwandamizi, wamegawanyika makundi mawili, na hata chai ya saa nne hawanywi pamoja. Mkuu wa idara hukosoa kazi za watu kwa sauti, mbele ya kila mtu. Hali huwa mbaya zaidi kila mwezi inapokaribia tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka TRA ritani ya kodi ya ongezeko la thamani. Risiti kutoka bandarini huchelewa, na kila upande huutupia lawama upande mwingine.

Rasimu yake ya kwanza ina sentensi tatu zinazosikika karibu kila hafla ya kuagana: kwamba idara ni familia moja, kwamba mkuu amemlea kama mzazi, na kwamba amejifunza kuvumilia watu wa kila aina. Mbili za kwanza si kweli, na wote watakaokuwa chumbani wanalijua hilo. Watakaposikia neno familia watatazamana, na kuanzia hapo hata shukrani za kweli zitapoteza uzito. Sentensi ya tatu ni kijembe, na kila msikilizaji ataanza kutafuta ni nani aliyevumiliwa.

Njia ya kutoka hapo ni kushukuru kwa matendo na kuacha kusifu tabia. Mtu mgumu huwa ametenda walau jambo moja jema, na jambo hilo linaweza kutajwa bila kuongeza wala kupunguza. Mhasibu huyu akikumbuka vizuri, mkuu wake alimpa ruhusa ya kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ikiwemo ya Novemba moja ambapo ofisi ilikuwa na upungufu wa watu. Pia alimrudishia vocha za malipo mara nyingi hadi akazoea kukagua viambatisho kabla ya kusaini. Hayo ni ya kweli, yanaweza kuthibitishwa, na hayamlazimishi kudai kwamba mkuu huyo alikuwa mpole.

Wa kushukuriwa wanapaswa kupimwa pia. Katika timu yenye makundi, majina huhesabiwa. Anayewataja watu watatu wa upande mmoja na kuruka wa upande wa pili ametangaza alikokuwa, hata kama hakukusudia. Ni salama kutaja mmoja kutoka kila upande, kisha wale wasio na upande: karani wa masijala, dereva, mhudumu wa ofisi. Mara nyingi hao ndio waliosaidia zaidi, na kutajwa kwao hakumuumizi mtu.

Ugumu wenyewe nao utajwe, kwa sentensi moja au mbili. Kuukwepa kabisa huifanya hotuba isikike kama ya kubuni, na kuueleza kwa kirefu huufungua upya. Unafaa kutajwa kupitia kazi yenyewe, kama wiki ya tarehe 20, na msemaji ajihesabu miongoni mwa waliohusika. Baada ya marekebisho hayo, hotuba ya mhasibu inaweza kuwa hivi:

"Mkurugenzi, mkuu wa idara, wafanyakazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kuja. Leo namaliza miaka minne katika idara ya fedha, na Jumatatu naanza kazi kwingine.

Miaka hii haikuwa myepesi, na wanaoijua wiki ya tarehe 20 wananielewa. Tulipishana kauli, na mimi nilikuwemo. Pamoja na hayo, ritani zilikwenda kwa wakati, na hilo tulilifanya sote.

Mkuu wa idara, nakushukuru kwa ruhusa ya mitihani ya bodi, hasa ile ya Novemba, wakati tulikuwa wachache. Ulinirudishia vocha mpaka nikajifunza kukagua viambatisho, na tabia hiyo naondoka nayo. Mhasibu mwandamizi, asante kwa kunielekeza kwenye hesabu za fedha za kigeni. Dada yangu wa malipo, asante kwa siku ulizonishikia kazi mwanangu alipougua. Mzee wetu wa masijala, wewe ndiye uliyenifundisha kutafuta risiti iliyopotea kwa kufuata namba ya kontena. Dereva wetu, usiku mwingi nilifika nyumbani salama kwa sababu yako.

Kazi zangu nimezikabidhi, na orodha ya wanaotudai iko kwenye faili la makabidhiano. Likitokea swali, simu yangu ni ile ile.

Kama kuna niliyemkosea kwa neno au kwa kitendo, naomba anisamehe. Nawatakia kila la kheri. Asanteni."

Hotuba hii ikisomwa taratibu haizidi dakika mbili. Mpangilio wake una sababu. Itifaki hukamilishwa kwa sentensi moja, kwa kuwa kuwataja wakubwa mmoja mmoja hula muda na huleta hatari ya kumsahau mmoja. Ugumu unatangulia shukrani, ili shukrani zibaki masikioni. Habari ya makabidhiano inawatuliza wanaobaki na mzigo, ambao mara nyingi ndio wenye kinyongo zaidi na anayeondoka. Hotuba haitaji ofisi mpya, mshahara mpya wala sababu ya kuhama, kwa kuwa kila moja ya hizo hugeuka kuwa kipimo cha pale anapopaacha.

Mambo mawili huharibu hotuba za namna hii kuliko mengine. La kwanza ni methali. Msemaji hudhani kwamba akisema akufukuzaye hakwambii toka, amejificha nyuma ya hekima ya wazee. Lakini wasikilizaji waliokulia kwenye mafumbo na mipasho hufumbua upesi, na mlengwa hufumbua kabla ya wote. Fumbo humwacha mlengwa bila nafasi ya kujibu, kwa hiyo huuma zaidi ya lawama ya wazi. Kila sentensi ina kipimo chake rahisi: ikisemwa, je, kuna mtu ambaye wote watageuka kumtazama? Kama yupo, na sentensi hiyo si ya kumshukuru, ifutwe.

La pili ni msamaha. Kuombana radhi wakati wa kuagana ni desturi ya watu wa Afrika Mashariki, na mfanyakazi asiyeomba anaweza kuonekana ameondoka na kisirani. Hata hivyo, kuomba msamaha na kutoa msamaha ni mambo tofauti. Anayesema anawasamehe wote waliomkosea ametoa hukumu kwamba alikosewa, tena mbele ya mashahidi. Inatosha kuomba. Aliye na mtu mahususi wa kupatana naye amwone pembeni siku kadhaa kabla ya hafla, kwa sababu mapatano ya hadharani humlazimisha mwenzake kukubali kwa aibu.

Siku yenyewe ni vyema kusoma kwenye karatasi. Anayezungumza bila maandishi huvutwa na nyuso zilizo mbele yake: kicheko cha marafiki humwongezea neno ambalo hakulipanga, na uso uliokunjamana humfanya ajitetee. Kwa kawaida mkuu husema kabla ya anayeaga. Akichomeka neno la kejeli, au akimwaga sifa ambazo hakuwahi kuzitoa, jibu bora ni kumshukuru na kuendelea na kilichoandikwa. Baada ya hapo, wakati wa soda, wapo watakaomvuta pembeni kumuuliza sababu ya kweli ya kuondoka. Wote wapewe jibu moja fupi, kwa mfano kwamba amepata nafasi inayomfaa, kwani majibu mawili tofauti yatakutanishwa kabla ya jioni.

Hotuba ya namna hii ina mipaka. Inafaa pale matatizo yalipokuwa ya tabia, mizigo ya kazi na mivutano ya kawaida. Aliyenyanyaswa kijinsia, aliyeshuhudia wizi au anayedai haki zake hapaswi kusimama na kusema kwamba mambo yalikwenda vizuri. Sheria ya Tanzania inatambua kwamba mwajiri aliyeyafanya mazingira ya kazi kuwa yasiyovumilika anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye aliyevunja ajira, ingawa barua ya kujiuzulu iliandikwa na mfanyakazi. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na maneno matamu yaliyorekodiwa kwenye simu siku ya kuaga yanaweza kutumiwa kumpinga. Huyo anaruhusiwa kuwashukuru wenzake kwa sentensi mbili na kukaa, au kuomba hafla isifanyike na kumuaga kila mtu mezani kwake.

Kwa wengine wote, rasimu iandikwe siku kadhaa kabla ya hafla, iachwe walau usiku mmoja, kisha isomewe kwa sauti mtu mmoja wa nje ya ofisi. Msikilizaji huyo aulizwe swali moja tu: kwa aliyoyasikia, anadhani ni nani kwenye timu hiyo asiyepatana na msemaji? Akiweza kumtaja, rasimu inahitaji kurekebishwa. Akishindwa, iko tayari kusomwa.