Unga wa Protini: Wei, Kaseini, Soya na Njegere

Maziwa ya ng'ombe yaliyo vuguvugu yakitiwa maji ya limau, hujitenga kuwa mabonge meupe na maji yenye rangi ya manjano hafifu. Mabonge hayo ni ya kaseini, ambayo ni karibu asilimia 80 ya protini yote ya maziwa, ilhali protini iliyobaki ndani ya yale maji, takriban asilimia 20, ndiyo inayoitwa wei, nayo kwa kawaida hupatikana kutokana na maji yanayosalia viwandani baada ya kutengenezwa jibini.

Jambo lilo hilo hutokea tumboni. Kaseini hukutana na asidi ya tumbo, ikaganda, na kwa sababu hiyo humeng'enywa polepole kwa muda wa saa kadhaa, ilhali wei hubaki majimaji na kupita upesi kuelekea utumbo mwembamba. Tofauti hii ilithibitishwa mwaka 1997 na watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Yves Boirie, ambao waliona kuwa wei hupandisha haraka asidi amino katika damu kisha zikashuka, na kwamba kaseini huzipandisha kidogo tu lakini kwa muda mrefu zaidi. Asidi amino ni vipande vidogo vinavyojenga protini, na tisa kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza, hivyo sharti zipatikane katika chakula. Soya na njegere, zikiwa zimesafishwa kiwandani, humeng'enywa kwa kasi iliyo kati ya hizo mbili.

Miongoni mwa asidi amino hizo tisa, lusini ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoiamsha misuli ianze kujijenga, na inakadiriwa kwamba mtu mzima, hasa mzee, huhitaji takriban gramu 2.5 katika mlo mmoja ili jambo hilo litokee ipasavyo. Kiasi hicho hupatikana katika gramu 24 hivi za protini ya wei, lakini kwa soya au njegere huhitajika gramu 31 au 32, na kaseini iko katikati. Protini za soya na njegere zina upungufu mwingine, nao ni wa methionini, ambao ni mkubwa zaidi katika njegere. Hata hivyo upungufu huo si wa kuogofya kwa mlaji wa ugali au wali, kwa sababu nafaka zina methionini ya kutosha na hupungukiwa na laisini, ambayo njegere na soya zinayo kwa wingi.

Hesabu ya gharama basi haipaswi kufanywa kwa bei ya kopo. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba kilo moja ya wei yenye protini asilimia 80 inauzwa shilingi 100,000, kila gramu ya protini itagharimu shilingi 125, na gramu 24 zitagharimu shilingi 3,000. Soya yenye kiwango kilekile cha protini, ikiuzwa shilingi 60,000, itagharimu shilingi 75 kwa gramu, na gramu 32 zitakuwa shilingi 2,400. Soya bado ni nafuu, ila unafuu wake, ulioonekana kuwa asilimia 40, umebaki asilimia 20. Mnunuzi ajihadhari pia na kopo ambalo orodha yake ya viambato inataja glisini au taurini zilizoongezwa, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha protini huhesabu naitrojeni, na vitu hivyo rahisi hupandisha tarakimu hiyo bila kuwa protini kamili.

Wei humfaa mzee asiyeweza kula chakula kingi kwa mlo mmoja, na mwanamichezo anayetaka kiasi kidogo chenye matokeo. Ambaye tumbo lake hujaa gesi au kuharisha baada ya kunywa maziwa, hali iliyo ya kawaida kwa watu wazima wengi wa Afrika, achague wei iliyosafishwa zaidi, yenye protini kama asilimia 90, kwa kuwa laktosi, yaani sukari ya maziwa, imeondolewa karibu yote. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni suala tofauti kabisa, kwani kwake wei na kaseini zote mbili ni hatari, na njegere ndiyo chaguo la kwanza. Kaseini inamfaa anayekaa muda mrefu bila kula, kama vile usiku kucha. Soya inamfaa asiyekula vyakula vya wanyama na mwenye bajeti ndogo, na hofu kwamba hupunguza homoni za kiume haikuthibitishwa na majaribio yaliyofanywa kwa wanaume. Lakini anayetumia vidonge vya homoni ya tezi ya shingo asivimeze pamoja nayo, kwa kuwa huzuia dawa hiyo kufyonzwa vizuri.

Mgonjwa wa figo asianze kutumia unga wowote kati ya hizi aina nne kabla daktari wake hajampangia kiasi cha protini cha siku nzima.