Kuigeuza Video Yako Mchoro Bila Rangi Kumetameta

Ukitaka kujua kama video iliyogeuzwa mchoro imetengenezwa vizuri, usimtazame mtu aliye katikati. Tazama ukuta ulio nyuma yake. Ukuta hauendi popote, kwa hiyo rangi yake haina sababu ya kusogea. Hata hivyo, katika video nyingi za namna hii alama za brashi ukutani huruka huku na huko, kivuli hukolea na kufifia, na baada ya sekunde chache macho huchoka. Huko ndiko kumetameta, na kasoro hii huwashinda watu wengi kuliko uchoraji wenyewe.

Mbinu ya kuhamisha mtindo wa mchoro kwenda kwenye picha kwa kompyuta ilipata umaarufu mwaka 2015, pale Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge wa Tübingen, Ujerumani, walipoonyesha kwamba mtandao wa neva unaweza kuchukua umbo la vitu kutoka picha moja na mapigo ya brashi kutoka nyingine. Kwa picha moja matokeo yalipendeza sana. Video, lakini, ni mfululizo wa picha. Ukiipa kompyuta fremu moja moja ni sawa na kuwagawia wachoraji mia picha mia, kila mmoja kwenye chumba chake, bila kuona kazi ya mwenzake. Kila mmoja anaamua upya pigo la brashi lianzie wapi. Chembechembe ndogo za kamera, ambazo jicho halizioni, zinatosha kuubadilisha uamuzi huo. Sehemu tupu kama ukuta na anga huathirika zaidi, kwa sababu hakuna mstari wala umbo la kuushikilia mchoro mahali pake.

Mwaka 2016 Manuel Ruder, Alexey Dosovitskiy na Thomas Brox wa Freiburg walionyesha njia ya kuitibu kasoro hii: pima kila nukta imesogea wapi kati ya fremu na fremu, kisha ibebe rangi iliyokwisha kupakwa iende nayo. Panapochorwa upya ni pale tu palipokuwa pamefichika na sasa pamefunuka. Fundisho lake ni jepesi: kadiri maamuzi ya uchoraji yanavyopungua, ndivyo rangi inavyotulia. Programu ya EbSynth, iliyotokana na kazi ya Ondřej Jamriška na wenzake wa Prague, inafuata wazo la jamii hiyo. Wewe unachora fremu chache, nayo inaisambaza rangi hiyo kwenye fremu zilizobaki.

Tuchukue mfano wa video ya sekunde 8 ya fundi cherehani akishona kitenge barazani. Kazi ya kuzuia kumetameta huanza kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Simu iwekwe kwenye stendi ya miguu mitatu. Ufunge mwangaza na fokasi, kwa sababu simu ikiachwa yenyewe hupandisha na kushusha mwanga kila fundi anapoinama. Kama kuna taa ya umeme, rekodi fremu 25 kwa sekunde na weka kasi ya shata kuwa 1/50. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na kasi hiyo huafikiana na mapigo ya taa. Mtetemo wa mwanga ukishaingia kwenye video, uchoraji utaukuza.

Sasa safisha chembechembe na uzitoe fremu:

```
mkdir video
ffmpeg -i cherehani.mp4 -vf "hqdn3d,fps=12.5,scale=1280:-2" video/%04d.png
```

Tumechukua fremu moja katika kila mbili, tukapata takribani picha 100 badala ya 200. Mwendo bado unaeleweka, kwani katuni nyingi huishikilia kila picha kwa fremu mbili, na nafasi za rangi kubadilika zimepungua kwa nusu.

Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji akili zaidi: kuchagua fremu za msingi. Usizichague kwa kuhesabu kila baada ya fremu kadhaa. Chagua kila linapotokea jambo ambalo fremu iliyotangulia haikuwa nalo. Kwa fundi wetu ni nne. Katika 0001 ameinama, mikono iko juu ya kitenge. Katika 0034 ameinua uso. Katika 0061 amekigeuza kitambaa na upande wa ndani unaonekana. Katika 0090 ameshika mkasi. Kitu kipya kichukuliwe kikiwa kimeonekana kikamilifu, si pale kinapoanza kuchungulia, maana rangi inaweza kusambazwa mbele na nyuma pia.

Fremu hizo unaweza kuzichora kwa mkono juu ya picha yenyewe, kwa Krita, au kuzipeleka kwenye programu ya kuhamisha mtindo. Ukitumia programu, usizipeleke moja moja, kwani shati litatoka la samawati hapa na la kijani kule. Zipange zote nne kwenye picha moja, mbili juu na mbili chini, iwe 2560 kwa 1440, uichakate kwa mara moja, kisha uzikate tena. Kwa kuwa zimechorwa pamoja, rangi zake hukaribiana sana. Hakikisha kila moja imerudi kwenye 1280 kwa 720 na mistari yake inalala juu ya mistari ya fremu halisi. Pua ikihama kidogo tu, rangi itabebwa ikiwa pembeni ya uso hadi mwisho.

EbSynth itatoa folda moja kwa kila fremu ya msingi. Ziache zipishane kwa fremu kama kumi, na mle ndani uififishe moja huku nyingine ikijitokeza. Ukuta nao una dawa rahisi zaidi: kamera haikusogea, basi uchore mara moja tu, uuweke nyuma kama picha tuli, na fundi na cherehani wawe tabaka la juu.

Ukimaliza, usitegemee macho peke yake. Amri hii huitoa kila fremu katika inayoifuata na kubakiza tofauti:

```
ffmpeg -framerate 12.5 -i mwisho/%04d.png -vf "format=gbrp,tblend=all_mode=difference,format=yuv420p" kagua.mp4
```

Pasipobadilika panakuwa peusi. Mikono na kitenge vitang'aa, na ndivyo inavyotakiwa. Ukuta ukionyesha madoa, bado unametameta. Skrini nzima ikimweka kwa pamoja, tatizo ni mwangaza, na kichujio cha `deflicker` cha ffmpeg kinaweza kusaidia. Kichujio hicho hulainisha mwanga wa jumla tu. Pigo la brashi lililohama hakilirudishi. Ukiona uso wa pili kama kivuli cha wa kwanza, fremu mbili za msingi hazijalingana. Ukiona rangi inaburuzika kama iliyofutwa kwa kiganja, kitu kipya kimetokea na hakuna fremu ya msingi iliyokionyesha. Ongeza moja hapo.

Kuna mahali njia hii haifiki. Gurudumu la cherehani linalozunguka kwa kasi lina ukungu katika kila fremu, na hakuna programu itakayojua nukta ipi imekwenda wapi. Ama libaki nje ya picha, ama ulichore kwa mkono fremu kwa fremu. Wala si lazima kila mtikisiko uondolewe. Filamu ya "Loving Vincent" ya mwaka 2017 ilichorwa kwa rangi za mafuta, fremu takribani 65,000, na mapigo yake ya brashi yanacheza kila mara. Nguo, nywele na moshi huvumilia mchezo huo. Uso wa mtu na ukuta haviuvumilii, kwa hiyo muda wako wa kusahihisha anza kuutumia huko.