Mstari wa Tarehe Ndani ya Excel: Buruta, Hesabu Ibadilike

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye rekodi za mauzo ya miaka miwili kwenye Excel: tarehe, bidhaa na kiasi. Jedwali la muhtasari, lile linaloitwa PivotTable, limekwisha kujumlisha mauzo ya saruji, nondo na mabati. Mhasibu sasa anataka kujua yaliyouzwa katika mwaka wa fedha wa Tanzania pekee, yaani kuanzia Julai 2023 hadi Juni 2024.

Kifaa cha kazi hiyo kinaitwa Timeline, na kimo katika Excel tangu toleo la 2013. Bofya popote ndani ya jedwali, fungua kichupo cha PivotTable Analyze, chagua Insert Timeline, weka alama kwenye safu ya tarehe kisha bofya OK. Utaona kisanduku chenye mstari wa miezi. Bofya JUL ya 2023, kisha vuta ncha ya kulia mpaka JUN ya 2024. Papo hapo jumla za jedwali zinabaki za miezi hiyo 12 tu.

Juu kulia ya kisanduku unaweza kubadili kipimo kiwe YEARS, QUARTERS, MONTHS au DAYS. Wiki hazimo. Robo za mwaka nazo zinahesabiwa kuanzia Januari, hivyo robo ya kwanza ya mwaka wa fedha itaonekana kama Q3. Vilevile kipindi lazima kiwe mfululizo: huwezi kuchagua Januari na Machi ukairuka Februari.

Tatizo linalowakwamisha wengi ni Excel kukataa, ikidai hakuna safu ya tarehe ilhali tarehe zinaonekana. Mara nyingi chanzo ni kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Faili ya mauzo ikifunguliwa humo, 25/04/2024 haisomeki kama tarehe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Inabaki maandishi na kuegemea kushoto mwa seli. Jaribu fomula hii, ukidhani tarehe iko A2:

```
=ISNUMBER(A2)
```

Jibu likiwa FALSE, hayo ni maandishi.

Lakini usikimbilie kurekebisha hizo tu. Katika faili hiyohiyo, 03/04/2024 imekubaliwa kimyakimya kama Machi 4, hivyo mauzo ya Aprili 3 yamehamia Machi bila onyo lolote. Ukirekebisha zile zilizokataliwa peke yake, Timeline itafanya kazi vizuri huku ikikupa jumla zisizo sahihi. Rudi kwenye faili ya asili, iingize upya ukibainisha mpangilio wa DMY, kisha bofya Refresh. Kabla ya kumkabidhi mtu ripoti, linganisha jumla ya mwezi mmoja na risiti zake.