Jina la Mama Kwenye Shaba: Kabla ya Kuagiza Zawadi Yenye Maandishi

Mwaka uliopita chama chetu kiliaga mmoja wetu, mkunga aliyefanya kazi miaka 31 katika kituo cha afya. Tulichanga makuta kwa miezi miwili, kila mmoja kwa nguvu yake, na tukaagiza zawadi mbili hapa Lubumbashi: sahani ya shaba iliyogongwa kwa nyundo, yenye sura ya mama aliyebeba mtoto mgongoni na jina la mkunga wetu chini yake, na vikombe 24 vyeupe vyenye picha yake, vya kugawia jamaa na wenzake wa kazi. Sherehe iliwekwa siku ya posho, tarehe 8 mwezi wa tatu. Siku ya ine jioni, tulipokwenda kuchukua sahani, jina lilikuwa na kosa.

Jina lenyewe hatuliandiki hapa, mwenyewe hapendi makelele. Tuseme tu kwamba ni la ukoo wa yale majina yenye sura nyingi, kama Ngoy, Ngoyi na Ngoie. Ukiyaita kwa mdomo hakuna tofauti kubwa. Kwenye shaba tofauti ni kubwa, maana mtu husoma jina lake kama anavyosoma uso wake kwenye kioo. Na katika mji wetu majina ya namna hiyo ni mengi. Kuna Mwamba na Muamba, Kyungu na Kiungu, Tshibanda na Chibanda. Karani mmoja aliandika kwa mtindo wa Kifaransa, padri mwingine akaandika alivyosikia, na leo ndugu wa tumbo moja wana majina mawili kwenye karatasi zao.

Fundi hakukosa. Alinakili herufi kwa herufi karatasi tuliyompa. Sisi tuliandika jina kutoka kwenye daftari la chama, na daftari liliandikwa zamani na katibu aliyesikia jina kwa sikio. Kwenye diploma ya mama linaandikwa vingine, na kwenye karte ya uchaguzi pia ni kama kwenye diploma. Hatukuuliza, kwa sababu tulitaka zawadi iwe ya kushtukiza. Lakini tungeweza kumuuliza binti yake kwa siri, naye angetuletea picha ya diploma kwa simu siku hiyohiyo. Tangu pale tumeweka kanuni: jina linachukuliwa kwenye karatasi ambayo mwenyewe ameitia sahihi, halichukuliwi kwenye kumbukumbu yetu.

Kuna pia alama ndogo za Kifaransa. Dada anayeitwa Thérèse ana alama mbili juu ya jina lake, na Noëlla ana nukta mbili. Mafundi wengi huandika kwa herufi kubwa tupu, na hapo alama huanguka. Wengine hutumia mwandiko wa mapambo ambao hauna alama hizo, na mashine hutoa kijisanduku kitupu au alama ya kuuliza mahali pake. Ikiwa mwenyewe huandika jina lake na alama, mwambie fundi waziwazi, na umwonyeshe kwa kidole.

Maneno ya Kiswahili yana hatari yake. Kompyuta nyingi za madukani zimewekewa kamusi ya Kifaransa, basi kila neno la Kiswahili linapata mstari mwekundu chini yake. Kijana anayechapa amezoea kuona sentensi nzima ni nyekundu, kwa hiyo kosa la kweli halimshtui. Ukiandika "Tunakushukuru" na yeye akachapa "Tunakushukru", maneno yote mawili ni mekundu sawasawa. Hapo macho ya kuokoa ni ya kwako. Ni vizuri pia kumpelekea maneno yakiwa yamechapwa tayari katika ujumbe wa simu, ili anakili bila kuchapa upya. Karatasi ya mkono huleta mchanganyiko wa "n" na "u", na wa 1 na 7.

Kabla ya kuchonga, duka linalojua kazi yake litakupa mfano, yaani karatasi inayoonyesha maandishi kama yatakavyotoka. Omba uchapwe kwa ukubwa wa kweli, kwa sababu kwenye simu kila kitu kinaonekana kimekaa vizuri. Usiusome peke yako. Sisi sasa tunakaa wawili: mmoja anashika diploma na kutaja herufi moja moja, mwingine anafuata kwenye mfano kwa ncha ya kalamu. Kisha tunasoma jina kutoka mwisho kurudi mwanzo. Inachekesha, lakini ukisoma kinyume jicho haliwezi kurukia neno linalolijua, linalazimika kuona kila herufi. Tarehe na miaka tunahesabu kwa vidole. Kama mtu alianza 1994 na kumaliza 2025, miaka ni 31, na ndivyo maandishi yanavyopaswa kusema.

Baadaye tunatia sahihi na tarehe kwenye mfano, na nakala moja tunabaki nayo. Sahihi hiyo ina uzito. Kosa lililomo kwenye mfano uliokubali ni lako, utalipa. Kosa ambalo halimo kwenye mfano lakini limo kwenye zawadi ni la duka. Bila karatasi hiyo ni kelele tu juu ya avansi.

Turudi kwenye sahani yetu. Kipande cha shaba kilichochongwa juujuu tu, kikiwa bapa, fundi anaweza kukigeuza na kuandika upande wa pili. Yetu ilikuwa imegongwa: sura ya mama na mtoto ilisimama upande wa mbele, na nyuma ni mashimo. Haikugeuzwa. Kusugua herufi pia hakukuwezekana, maana zilipigwa kwa patasi na zimeingia ndani. Fundi alikata ukanda mwembamba wa shaba, akaandika jina upya, akaupigilia kwa misumari miwili midogo juu ya jina la kosa. Tuliongeza dola 15 na alifanya kazi hadi usiku. Leo tukiagiza tunaomba hivyo tangu mwanzo: sura peke yake, na jina kwenye kibamba kidogo cha pembeni kinachofungwa kwa skrubu juu ya ubao. Kosa likitokea, kinatupwa kibamba, si zawadi.

Uliza pia kitu chenyewe ni cha nini. Mashine za leza za madukani, zile za kuchonga mbao na plastiki, kwa kawaida haziandiki juu ya shaba tupu, kwa sababu shaba hurudisha mwanga na kutawanya joto. Kwa hiyo "shaba" unayoonyeshwa huenda ni plastiki au alumini iliyopakwa rangi, na leza inaondoa tu rangi ya juu. Si kitu kibaya, lakini bei yake isiwe bei ya shaba. Shaba ya kweli ni nzito, na baada ya muda inakuwa nyeusi ikiwa haikupakwa vernisi.

Sasa siku. Duka lilituambia "siku tatu", nasi tukalipa avansi tarehe 24 mwezi wa pili, tukaona tuna nafasi ya kutosha. Hatukuuliza siku tatu kutoka wapi. Kwao zilianza kuhesabiwa mfano ukishakubaliwa, na mfano wa vikombe ulikuja tarehe 28. Zaidi ya hapo, wote tunajua mji unavyokuwa kabla ya tarehe 8: kila chama, kila ofisi na kila shule inataka tisheti na vitenge vya siku ya wanawake, na mashine hazipumziki. Sahani ya kugongwa kwa mkono ndiyo iliyofuata nyuma. Tungehesabu kwa kurudi nyuma, hivi: zawadi iwe mkononi juma moja kabla ya sherehe, tuache siku nne za kurekebisha kosa, juma la kazi yenyewe, siku tatu za mfano. Hiyo ni majuma matatu, na kwa mwezi wa pili ongeza moja. Uliza pia kama vikombe viko dukani leo au viko kwenye lori linalongoja Kasumbalesa. Na uliza kama wana jenereta, kwa maana umeme ukikatika wakati kikombe kiko ndani ya mashine, picha inatoka imepauka na kikombe hicho kimekufa.

Vikombe vyetu havikuwa na kosa la jina, vilikuwa na kosa la uso. Picha ilipigwa vizuri, lakini tuliituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida, na hapo simu huipunguza. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Ikivutwa kuzunguka kikombe, sentimita 20 hivi, uso unakuwa kama umeonwa kupitia pazia. Ukituma, pita kwenye Document, picha itafika nzima. Tena kioo cha simu kina mwanga wake, kikombe hakina: uso mweusi wa mama yetu, uliong'aa kwenye simu, ulitoka giza, macho hayaonekani. Kijana wa duka alipoangaza picha kidogo kabla ya kuchapa, ilikaa sawa. Tulikuwa tumeshapoteza vikombe sita.

Kwa hiyo agiza kimoja kwanza. Kitazame dirishani, si chini ya taa. Rangi iliyopauka ina maana joto au muda havikutosha. Kivuli pembeni mwa herufi kina maana karatasi iliteleza. Angalia karibu na mkono wa kikombe, maana hapo mashine haibani vizuri. Pitisha ukucha juu ya picha: iliyoingia kwa joto ni laini kama kikombe chenyewe, iliyobandikwa ina ukingo, na ukingo huo utaanza kuinuka ukioshwa. Na usipeleke kikombe chako cha sokoni ukitegemea kichapwe kwa njia hiyo ya joto. Kinahitaji kile kilichopakwa dawa maalumu kiwandani, bila hiyo rangi haishiki.

Siku ya sherehe mama alipokea sahani, akaishika magotini, akapitisha kidole juu ya jina. Akasikia ukanda na ile misumari miwili. Alituangalia, mkunga ni mkunga, akauliza, "Na huyu aliyelala chini, ni nani?" Tukamwambia ukweli, akacheka hadi machozi.

Mwaka huu tunaaga wengine wawili. Vipimo vimekubaliwa, diploma zimepigwa picha, na mfano wa kwanza uliletwa juzi. Majina yako sawa. Mwaka wa kuanza kazi wa mmoja wao umeandikwa 1997 mahali pa 1991, na tumeurudisha kwa fundi bila kutia sahihi.