Fahamu: Sifuri zinazoshusha wastani wa darasa

Wanafunzi 6 wako kwenye orodha ya Excel. Wanne wamepata 60, 70, 80 na 50. Wa tano alifanya mtihani akaambulia 0, na wa sita hakuja kabisa. AVERAGE inatoa 43.3. Imekosea wapi?

Seli iliyo tupu kweli huwa haihesabiwi. Lakini alama zikivutwa kutoka ukurasa mwingine kwa fomula kama `=Alama!B2`, pengo la asiyekuja hugeuka 0. Mpangilio ukiwa umeficha sifuri, seli huonekana tupu huku ikiendelea kuhesabiwa. Ipime kwa `=COUNT(B2:B7)`: ukiona alama 4 tu kwenye skrini na jibu likawa 6, kuna sifuri mbili zimejificha.

Wengi hukimbilia hii:

```
=AVERAGEIF(B2:B7,"<>0")
```

Jibu ni 65, tamu kwa mwalimu mkuu, ila si la kweli: limemfuta pia aliyefanya mtihani akapata 0. Excel haiwezi kujua sifuri ipi ni alama na ipi ni pengo. Iambie wewe, kwa safu ya mahudhurio:

```
=AVERAGEIFS(B2:B7,C2:C7,"Yupo")
```

Sasa 260 inagawanywa kwa 5, na wastani ni 52. Kama hakuna hata mmoja aliyeandikwa "Yupo", utaona `#DIV/0!`. Usiibadilishe kuwa 0. Darasa ambalo halijafanya mtihani halina wastani.